Chupa, Chumvi na Turubai: Mjadala wa Kufundisha Wakulima Pasipo na Bajeti

Katikati ya mwaka 2016, katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kufikishwa zahanati wakitapika, matumbo yakiwauma, macho yamegeuka ya njano. Zaidi ya watu 60 waliugua, na takribani 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ulikwenda ukarudi kwenye chakula cha kila siku: mahindi ya nyumbani, yaliyokuwa na sumukuvu nyingi. Chemba na Kondoa zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Kenya ilikwishapita njia hiyo mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, ambako watu 125 walipoteza maisha.

Tangu hapo, afisa ugani wa ukanda huu ana somo moja asiloweza kuliruka: namna ya kukausha na kuhifadhi mahindi. Ugumu uko kwenye kulifundisha. Katika kata moja ya Kondoa, afisa ugani ni mmoja na vijiji ni vinne. Pikipiki anayo, lakini mafuta yake hupatikana kwa msimu. Kipima unyevu hana. Sumukuvu yenyewe hupimwa maabara, na maabara iko mbali.

Huyo afisa, mwanamke ambaye wanakijiji humwita Bibi Shamba, ndiye aliyekaa ofisi ya kata na watu watano kujibu swali moja: mkulima afundishwe vipi jambo jipya wakati mwalimu hana kitu mkononi? Alikuwapo bwana shamba mstaafu aliyeanza kazi enzi za mikutano mikubwa, mzee mkulima ambaye ghala lake halijawahi kuwa tupu, mama mmoja mjane anayelima ekari mbili, mnunuzi wa mahindi anayepeleka mzigo soko la Kibaigwa, na mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza, na akaanzia pengine. Alisema uhaba anaujua, kwa sababu mbolea ya ruzuku ilichelewa na watu walisimama foleni siku nzima mtandao ukisumbua. Akataka iandikwe kwamba kijiji chake kinahitaji ghala la kisasa.

"Mwenyekiti, hayo ni ya kweli, na tutayapeleka panapohusika," Bibi Shamba alimjibu kwa upole. "Lakini hapa tunaulizwa kuhusu mimi. Ghala lisipokuja mwaka huu, na mbolea isipokuja, bado watu watavuna. Wakivuna, nitawafundisha nini, na kwa kutumia nini?"

Jibu lake mwenyewe lilikuwa fupi kuliko walivyotarajia. Akipewa siku moja tu kwa kila kijiji katika msimu mzima, atafundisha kitu kimoja: mkulima ajue mahindi yake yamekauka au bado. Mengine yote yatasubiri.

Mstaafu hakukubaliana naye. Alikumbusha kwamba sumukuvu ina mambo mengi. Kuna kupanda kwa wakati, kuna kuvuna mapema kabla mahindi hayajalala chini, kuna kutopiga magunzi kwa fimbo hadi punje zipasuke, kuna aflasafe inayomwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, kilo nne kwa ekari. "Ukifundisha moja ukaacha tisa, umemdanganya mkulima," alisema.

"Nilikuwa nafundisha yote kumi, mzee wangu," Bibi Shamba alisema. "Watu wanaandika majina, wanakula, wanaondoka. Nikipita nyumba kwa nyumba mwezi unaofuata, mahindi yako chini kwenye vumbi kama zamani. Sikuona hata moja katika yale kumi."

Akaeleza jinsi anavyochagua. Kwanza anajiuliza kama kifaa kinachohitajika tayari kimo ndani ya nyumba ya mkulima. Pili, kama mkulima ataona matokeo wiki ileile, kwa macho yake, bila kuambiwa na mtu. Tatu, kama akikosea mara ya kwanza atapoteza gunia zima au kiganja cha mahindi tu. Aflasafe haipiti kwenye mtihani huo: lazima inunuliwe, inunuliwe kwa wakati, na matokeo yake hayaonekani bila maabara. Kupima ukavu kwa chupa na chumvi kunapita.

Chupa yenyewe aliileta mezani. Ni chupa ya kioo yenye kifuniko, ya ukubwa wa mililita 750 hivi, iliyokaushwa kabisa. Alitia mahindi hadi theluthi moja ya chupa, akaongeza vijiko vitatu vya chakula vya chumvi kavu, akafunga, akatikisa kwa dakika moja, kisha akaiweka kando. Baada ya robo saa aliinyanyua ikaonekana na wote: chumvi ilikuwa imeganda kwenye kuta za kioo kama vumbi kwenye dirisha. Mahindi hayo hayajakauka. Yangekuwa makavu, chumvi ingeteremka yote chini na kioo kingebaki kisafi.

Mzee mkulima alicheka kidogo. Yeye huuma punje. Ikivunjika kwa mlio, mahindi yamekauka, ikibonyea, bado. Tena husikiliza mlio wa mahindi yanapomiminwa kwenye debe. "Meno haya yamelisha watu kumi na moja," alisema, "na hayakununuliwa dukani."

Bibi Shamba hakumbishia. Alimwomba aume kutoka mafungu matatu aliyokuja nayo. Fungu la kwanza mzee alilikataa mara moja, na chupa ikakubaliana naye. La tatu alilipitisha, na chupa ikakubaliana naye tena. Fungu la katikati ndilo lililoleta ubishi: meno yalisema kavu, chumvi ikashika kioo. Mzee aliuma punje nyingine mbili, akanyamaza, kisha akaomba chupa aitikise mwenyewe. Matokeo yakawa yaleyale.

"Meno ya mzee yanajua mahindi mabichi na yanajua mahindi makavu kabisa," Bibi Shamba alieleza. "Yanapotea hapo katikati tu. Na kuvu nayo inaishi hapo katikati."

Hata hivyo, chupa nayo ina mpaka wake, na hakuuficha. Chumvi hushika kioo pale unyevu wa mahindi unapozidi asilimia 15 hivi. Kiwango kinachotakiwa ghalani ni asilimia 13.5. Kwa hiyo kuna mahindi yatakayopita mtihani wa chupa na bado yakawa na unyevu wa ziada kidogo. Ndiyo maana anafundisha kwamba siku chupa iliposema ndiyo haiwi siku ya kufunga gunia: yaanikwe tena siku moja au mbili za jua kali, kisha yaachwe yapoe kivulini. Mahindi yakifungwa yakiwa ya moto, hutoa jasho ndani ya mfuko, na kazi yote ya kuanika inaharibika usiku mmoja.

Zipo pia njia za chupa kudanganya. Chumvi ya dukani hunyonya unyevu wa hewa, hasa ikikaa wazi jikoni. Chupa iliyooshwa asubuhi huwa na umande usioonekana. Mtu akichota mahindi ya juu ya tandazo, yale yaliyopigwa na jua, atapata jibu zuri kwa mahindi ambayo chini yake ni mabichi. Dawa yake ni kutia chumvi peke yake kwenye chupa tupu na kutikisa kwanza. Ikishika kioo hata kabla mahindi hayajaingia, kosa ni la chumvi au la chupa. Chumvi ikaangwe kidogo kwenye sufuria kavu, ipoe, mtihani uanze upya. Na mahindi yachotwe juu, katikati na chini, pembeni na kati, yachanganywe kabla ya kupimwa.

Mstaafu alisikiliza hayo yote, kisha akarudi kwenye hoja yake kwa njia nyingine. Chupa ni nzuri, alisema, lakini itafika kwa nani? Alisimulia enzi ambazo bwana shamba alikuwa na ratiba ya kuwatembelea wakulima wachache waliochaguliwa, nao wakatarajiwa kuwafundisha wenzao. Waliochaguliwa mara nyingi walikuwa watu wenye uwezo na wenye jamaa kwenye uongozi, na maarifa yalibaki uani kwao. Leo redio husikika kila nyumba. Mwaka 2016 watu walipokuwa wanaugua, nani angengoja Bibi Shamba azunguke na chupa? Lilihitajika tangazo, siku hiyohiyo.

Hapo Bibi Shamba alikubali nusu. Wakati wa maafa, redio kwanza, hana ubishi. Redio ni nzuri pia kwa kusema lini: wiki hii mvua inakatika, anzeni kuvuna, msiache mahindi shambani. Lakini redio haiwezi kumwonyesha mtu chumvi imeshika kioo kiasi gani ndipo ahesabu kuwa bado. Hilo hujifunzwa kwa kushika chupa.

Kuhusu wale waliochaguliwa na kubaki na maarifa yao, alisema amebadilisha anayechaguliwa. Haendi kwa mkulima bora wa kijiji. Huomba kila kitongoji kimpe nyumba mbili: moja yenye mahindi mengi na moja ya kawaida, ikiwezekana ya mwanamke, kwa kuwa wanaoanika, wanaochambua na wanaopika mara nyingi ni wanawake. Somo hufanyika uani, kwa mahindi ya nyumba hiyo, wakati wa mavuno yenyewe, Mei hadi Julai. Mwenye nyumba ndiye anayetikisa chupa na kueleza wenzake. Afisa hukaa nyuma akirekebisha panapokosewa. Chupa hubaki pale. Akija jirani kuiazima wiki inayofuata, mwalimu ni mwenye nyumba, afisa hayupo.

Huu ni mpango wa shamba darasa uliopunguzwa ukubwa. Shamba darasa lilianzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, wakulima wakikutana kila wiki kwa msimu mzima, na muongo uliofuata likaingia Afrika Mashariki. Kwa utaratibu kamili linahitaji mwezeshaji, shamba la majaribio na fedha za msimu. Bibi Shamba amebakisha kiini chake: mafungu mawili ya mahindi yaleyale, kila moja likitendewa tofauti, na wakulima wenyewe wakiamua lipi ni bora.

Katika nyumba moja mwaka uliopita, alieleza, walipukuchua magunia mawili kutoka shamba moja. La kwanza lilianikwa chini kwenye udongo uliofagiwa, kama kawaida. La pili lilitandazwa juu ya turubai, unene usiozidi vidole viwili hivi, likageuzwa mara kadhaa kwa siku na kufunikwa jioni kabla umande haujashuka. Kila asubuhi na jioni mafungu yote mawili yalipimwa kwa chupa mbele ya majirani. La turubai lilianza kupita mapema, na la chini likawa linapita jioni na kufeli asubuhi, kwa sababu udongo hulirudishia unyevu usiku. Mafungu yote mawili yalihifadhiwa. Baada ya miezi mitatu yalifunguliwa kwenye mkutano wa kitongoji. Watu walinusa, wakashika, wakahesabu punje zilizooza katika viganja kumi vya kila gunia. Hakuna aliyehitaji hotuba.

Mama mjane, aliyekuwa kimya muda wote, aliinua mkono. Alikuwa na neno kuhusu mifuko ile ya tabaka tatu, kinga njaa. Aliambiwa inaua dumuzi bila dawa. Alijinyima akanunua mmoja, akatia mahindi, akafunga. Alipoufungua baada ya wiki kadhaa, mahindi yalinuka kama pombe na yalikuwa yameshikana. "Tangu siku hiyo nimewaambia wenzangu wote kitongojini, mfuko ule ni hasara. Sasa na hii chupa nitaaminije?"

"Mama, pole sana. Ulitia ukiwa umeyaanika siku ngapi?" Bibi Shamba aliuliza.

Mama alisema hakumbuki vizuri. Mvua ilikuwa inatishia, akawahi.

Basi hapo ndipo somo lilipofundishwa nyuma mbele, alisema Bibi Shamba, na hakusema ni kosa la mama. Mfuko ule una matabaka mawili ya nailoni nene ndani na kiroba cha nje. Ukifungwa vizuri hewa mpya haiingii. Wadudu waliomo wanamaliza hewa iliyobaki na kufa. Lakini mfuko usiopitisha hewa haupitishi unyevu pia. Mahindi mabichi yakiwa ndani yanachacha. Aliyeuza mfuko alifundisha kufunga. Hakuna aliyefundisha kupima. Kwa hiyo yeye hazungumzii mfuko katika nyumba ambayo haijawahi kutumia chupa. Ikishajua kupima, ndipo anaonyesha kukagua tundu kwa kujaza mfuko hewa na kuubana, kukamua hewa, kusokota shingo ya kila tabaka, kuikunja na kuifunga kwa kamba. Na anashauri mahindi ya kula kila siku yawekwe pembeni, kwa sababu kila unapofunguliwa mfuko, hewa inaingia na dumuzi hupumua tena.

Mzee mkulima alirudi na hoja ya kwake, na hii ilikuwa na uzito. Kwake, mke wake huchambua mahindi kabla ya kwenda mashineni: yaliyooza, yaliyobadilika rangi, yaliyotobolewa, yote hutolewa. Kisha ugali hupikwa ukaiva. "Sumu gani itabaki hapo?"

Kuchambua ni jambo kubwa, Bibi Shamba alikiri, na huondoa sehemu nyingi ya sumu kwa sababu hujikusanya zaidi kwenye punje mbovu. Lakini hakuondoi yote. Punje yaweza kuonekana safi na bado ikawa nayo. Na moto wa jikoni haumalizi sumukuvu. Ugali ukiiva kuvu imekufa, sumu imebaki. Tena kuna mwaka ambao kuvu huingia mapema, mahindi yakiwa bado shambani, pale ukame unapopiga wakati punje zinajaa. Hapo kukausha vizuri kutazuia isiongezeke, lakini hakutatoa iliyokwisha kuingia.

Kauli hiyo ilimfanya mstaafu ainuke kwenye kiti. Kama ndivyo, aliuliza, ni haki kumwonyesha mkulima mafungu mawili na punje zilizooza, ukamwacha aamini kwamba yasiyooza ni salama?

Ni swali ambalo Bibi Shamba hakulijibu haraka. Alisema kwamba sumu isiyoonekana, isiyo na harufu wala ladha, haina namna ya kuonyeshwa uani. Kwa hiyo hauzi somo kwa ahadi ya afya peke yake. Anaonyesha kinachoonekana: uzito usiopotea, dumuzi wasiokuwapo, punje zisizooza. Halafu anasema wazi, kila mara, kwamba chupa inapima maji na haipimi sumu. Mstaafu alisema sentensi hiyo watu wataisahau kabla ya kufika nyumbani. Bibi Shamba alisema labda, ndiyo maana anataka iwe ya kwanza kusemwa na mwenye nyumba, siyo ya mwisho kusemwa na yeye. Hawakukubaliana zaidi ya hapo.

Mnunuzi wa Kibaigwa alikuwa na habari isiyompendeza mtu. Yeye hununua kwa gunia na huangalia rangi, takataka na wadudu. Hana kipimo cha sumukuvu, na wenzake wengi hawana. Viwango vya Afrika Mashariki vinasema sumukuvu yote isizidi sehemu 10 katika bilioni, lakini bei ya shambani haijui hilo. "Ukinipa mahindi makavu mapema na ukanipa mahindi yenye maji, yenye maji yana uzito zaidi kwenye mizani," alisema. "Mkulima anajua. Msimlaumu akiharakisha kuuza."

"Kwa hiyo unalipia maji," mama mjane alimwambia.

"Nalipia, mama, halafu nayapoteza njiani," alijibu. Alisema angenunua kwa bei ya juu kidogo kwa wanaopima kwa chupa, kama wangekuwa wengi kiasi cha kujaza gari. Mwenyekiti akasema hiyo ni biashara ya kuanzia hapo hapo. Mnunuzi akasema hajaahidi kitu.

Likabaki suala la turubai. Chupa na chumvi zimo nyumbani. Turubai nzuri ni lazima inunuliwe, na kwa mama wa ekari mbili ni fedha nzito. Bibi Shamba hutumia mbadala: kichanja cha miti na mabua kilichoinuliwa kutoka chini, mikeka, viroba vya mbolea vilivyofuliwa vizuri na kushonwa pamoja. Mwenyekiti alipendekeza kila kitongoji kinunue moja kwa michango na kupokezana. Mzee mkulima akauliza kwa zamu ya nani, ikiwa watu wote wanavuna wiki zilezile na mvua ya kuchelewa haisubiri zamu. Mama akauliza mahindi yaliyochambuliwa kuwa mabovu yaende wapi, maana akiwapa kuku sumu inaenda kwa kuku, akiyapeleka kwenye pombe inaenda kwa wanywaji, na akiyatupa watoto wa jirani watayaokota. Bibi Shamba alisema yachimbiwe au yachomwe, na kwamba anajua ni rahisi kusema kuliko kumwona mtu mwenye njaa akichoma debe zima.

Kuhusu jinsi atakavyojua kama somo limeingia, alikuwa na jibu moja la wazi. Mwezi wa saba atapita nyumba zilizofundishwa na zile za jirani zao, bila kutoa taarifa, ahesabu tandazo zilizoinuliwa kutoka chini na aombe kuona chupa. Nyumba ya jirani ikiwa na chupa ambayo yeye hakuipeleka, hiyo ndiyo atakayoiandika kwanza.

"Fomu ya halmashauri haina safu ya chupa," mstaafu alimkumbusha. "Ina safu ya idadi ya waliohudhuria."

Bibi Shamba alisema ataijaza hiyo pia, na kwamba kuhusu safu ya chupa ameshaanza kuandika barua.